Maiki imechomekwa kwenye USB-C lakini mhojiwa anasikika yuko mbali: wa redio na podikasti tusaidiane

SautiYaUyole

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwandishi wa redio hapa Mbeya, nazunguka Uyole, Igawilo, Mwanjelwa, na msimu wa mavuno ya viazi napanda hadi Tembela na Isyesye kuhoji wakulima. Simu yangu ya zamani ilikuwa na tundu la pini ya milimita 3.5 na nilikuwa nachomeka maiki ya kubana shatini, Boya BY-M1, narekodi bila shida. Simu niliyonayo sasa ina tundu moja tu, la USB-C, ambalo ndilo la chaji pia. Nikanunua adapta ndogo ya kuunganisha pini ya maiki na tundu hilo.

Nikichomeka, simu inaonyesha alama ya hedifoni juu ya skrini. Narekodi, sauti inaingia, faili linahifadhiwa. Lakini studio mhariri wangu analalamika. Wiki hii nilimhoji mama muuza ndizi pale soko la Mwanjelwa. Maiki niliibana kwenye kitenge chake, chini kidogo ya shingo. Simu niliishika mimi. Kwenye rekodi, maswali yangu yanasikika vizuri na kwa karibu, ila majibu yake yako mbali na bodaboda zinamfunika. Faili lenyewe linaishia na .amr.

Maswali yangu: je, maiki imekufa? Ninunue simu nyingine yenye tundu la 3.5? Na hilo faili la .amr lina shida?

---

Mwaisa_Tukuyu

Dada pole. Hiyo ni pini. Angalia mistari myeusi kwenye pini ya maiki yako. Ikiwa miwili ni maiki ya kamera, simu haiwezi kuisoma. Simu inataka mistari mitatu. Ilinitokea na maiki niliyoazimwa na mpiga picha wa harusi, simu ikawa inarekodi kama vile hakuna kilichochomekwa. Nunua pini ya kubadilishia, yenye mistari mitatu upande wa simu, tatizo limekwisha.

---

SautiYaUyole

Asante kaka. Nimeangalia, BY-M1 yangu ina mistari mitatu. Na kile kiswichi chake kidogo kiko upande wa simu, si upande wa kamera. Nimeichomeka kwenye simu ya zamani inafanya kazi kama kawaida.

---

Kijana_wa_Vwawa

Kurekodi simu siku hizi ni kazi. Tangu 2022 Google walibana programu za kurekodi mazungumzo kwenye Play Store, nyingi zinanasa sauti yako tu, ya mwenzako haiingii vizuri. Ndiyo maana unasikika wewe. Weka spika kubwa, rekodi kwa simu ya pili.

---

SautiYaUyole

Kaka, si maongezi ya kupigiana simu. Mama yuko mbele yangu, tumekaa wote kwenye benchi moja.

---

MzeeWaMawimbi

Dada, maiki yako haijafa. Ndani ya maelezo yako kuna kitu kimoja ambacho wengine wamekipita: simu ilikuwa mkononi mwako na maiki ilikuwa kifuani kwa mama, halafu aliyesikika karibu ni wewe. Maana yake maiki iliyofanya kazi ni ile ya ndani ya simu. BY-M1 ilining'inia pale bila kuingiza chochote.

Alama ya hedifoni haikusaidii hapa. Inakuambia simu imeona njia ya kutolea sauti. Kuhusu njia ya kuingizia haisemi lolote. Simu isipoona maiki ya nje hairushi onyo, inaendelea kimyakimya na maiki yake, ndiyo maana unapata faili na unadhani mambo yako sawa hadi ufike studio.

Kipimo chake ni hiki, na kifanye kabla ya kila mahojiano hata kama jana ilikuwa nzima. Fungua programu ya kurekodi inayoonyesha mita ya sauti ikipanda na kushuka. Anza kurekodi. Kwaruza taratibu kwa kucha kichwa cha maiki ya kubana. Kisha kwaruza sehemu ya chini ya simu, pale penye kitundu kidogo kando ya tundu la chaji. Mita ikiruka ulipogusa maiki na ikatulia ulipogusa simu, uko salama. Ikiwa kinyume chake, usianze mahojiano.

Sasa tutenganishe kama kosa ni la simu au la adapta. Tafuta kompyuta ya Windows. Chomeka adapta ikiwa na BY-M1 ndani yake. Kama kompyuta haina tundu la USB-C, kile kichwa cha kugeuza kuwa USB ya kawaida kinatosha. Fungua Settings, kisha System, kisha Sound. Utaona sehemu mbili, Output na Input. Tuambie adapta imeonekana wapi: kote kuwili, Output peke yake, au haikuonekana kabisa. Usinunue kitu kingine kabla ya hapo.

---

Podi_Gangilonga

Kamwene wadau. Niko Iringa mjini, nina podikasti ya mahojiano na wafanyabiashara. Kwa kuwa mzee yupo, naomba nami niseme la kwangu. Nina maiki ya mkononi ya jukwaani, aina ile ya Shure SM58, yenye kichwa cha XLR. Nilinunua waya wa XLR unaoishia na pini ya 3.5 yenye mistari mitatu, nikachomeka kwenye simu yenye tundu la 3.5. Kila nikichomeka, kile kipimo cha sauti kwenye skrini kinapanda chenyewe hadi mwisho, na kurekodi kwenyewe sauti ni hafifu sana. Simu ina virusi?

---

MzeeWaMawimbi

Si virusi. Simu inadhani umebonyeza kitufe cha kuongeza sauti na hujakiachia.

Vitufe vilivyopo kwenye waya wa hedifoni havina akili yoyote, vinabadilisha tu ukinzani kwenye waya uleule wa maiki. Simu za Android zimepangwa hivi: ukinzani ukiwa chini ya omu 70 ni kitufe cha kati, ukizunguka 240 ni kuongeza sauti, ukizunguka 470 ni kupunguza. Maiki ya hedifoni yenyewe inatakiwa iwe omu 1,000 au zaidi ili isichanganywe na vitufe. Maiki za jukwaani zenye koili, kama hiyo yako, ukinzani wake ni mdogo, mamia machache ya omu. Imeangukia palepale kwenye kitufe cha kuongeza.

Na hata simu ingeikubali, umeme inaoutoa maiki ya koili ni mdogo mno kwa tundu la simu, ukilinganisha na maiki ndogo za kubana ambazo simu huzilisha umeme na zenyewe zina kikuza sauti ndani. Kwa hiyo utaongeza sauti kwenye kompyuta, na utaongeza na mvumo pamoja nayo. Unachohitaji ni kadi ya sauti ya nje yenye tundu la XLR na inayotoka kwa USB-C. Ila angalia umeme: inakula kutoka kwenye simu. Taa yake ikiwaka na kuzimika, au simu ikiitambua kisha ikaisahau, simu imeshindwa kuilisha. Tafuta yenye tundu la pili la umeme, uilishe kwa pawabenki.

Nyumbani Gangilonga hilo linawezekana. Kwa dada anayezunguka sokoni sishauri.

---

SautiYaUyole

Mzee shikamoo, na asante. Nimetumia kompyuta ya ofisini. Kwenye Output imeonekana, imeandikwa jina la adapta. Kwenye Input ipo maiki ya kompyuta tu, hakuna kingine. Nimechomoa na kuchomeka tena, ni vilevile. Na kipimo cha kucha nimefanya: nikikwaruza maiki mita haitikisiki, nikigusa chini ya simu inaruka.

---

MzeeWaMawimbi

Marahaba. Basi simu yako haina kosa. Adapta ni ya kusikilizia tu, upande wa kuingiza sauti haukuwekwa. Fundi_Kabwe kama uko humu, waelezee watu aina zake maana wewe unazishika kila siku.

---

Fundi_Kabwe

Nipo mkuu. Niko pale Kabwe, simu ndiyo kazi yangu.

Kwa macho adapta zote zinafanana, kamkia kafupi, USB-C upande mmoja na tundu la 3.5 upande wa pili. Ndani ni vitu viwili tofauti. Kuna zisizo na chipu, hizo ni nyaya tu, zinategemea simu yenyewe itoe na kupokea sauti ya analogi kupitia pini za USB-C. Huawei P20 ilikuwa hivyo. Kuna zenye chipu, ambazo zinabadilisha sauti kuwa tarakimu humohumo ndani ya adapta na simu inapokea data. Samsung walipoondoa tundu la 3.5 kwenye Galaxy Note 10 mwaka 2019 walitaka zenye chipu. Ukichomeka isiyo na chipu kwenye simu isiyoikubali, Android nyingine zinakuandikia:

```
Analog audio accessory detected
```

Ukiona hayo maandishi, rudisha adapta, usihangaike na mipangilio.

Ya dada ina chipu, ndiyo maana kompyuta imeiona. Lakini chipu nyingine zinatoa sauti tu, ni za watu wa muziki. Na zile zenye matundu mawili, moja la chaji na moja la hedifoni, ziangalie zaidi, nyingi nilizozijaribu maiki hamna.

Dukani usimuulize muuzaji kama "inafanya kazi". Atakuwekea wimbo, utasikia, utalipa. Mwambie unataka ya kuongelea, si ya kusikilizia tu. Nenda na maiki yako na simu yako, fanya kile kipimo cha kucha mbele yake. Akikataa kukupa nafasi ya kujaribu, toka.

Halafu jambo dogo: tundu la USB-C likijaa vumbi na nyuzi za mfukoni, adapta inaingia nusu. Inachaji ukiikandamiza, ukiiachia inakatika. Zima simu, safisha kwa kijiti cha meno cha mbao, taratibu, usitumie sindano.

---

Kijana_wa_Vwawa

Sasa kwa nini msitumie zile hedifoni za Bluetooth za masikioni? Mhojiwa unampa moja avae, waya hakuna, adapta hakuna. Mimi ndivyo ninavyofanya na sauti inasikika safi.

---

MzeeWaMawimbi

Kwa kusikiliza ni safi. Kwa kurekodi si hivyo. Bluetooth ikianza kutumia maiki ya hedifoni huwa inahamia kwenye njia ya kupigia simu, na njia hiyo inachukua sampuli 8,000 kwa sekunde, au 16,000 kwa zilizo bora zaidi. Redio na podikasti tunataka 44,100 au 48,000. Rekodi moja ukiwa umevaa kisha rekodi kwa maiki ya simu ukiwa karibu nayo, sikiliza zote mbili kwa hedifoni za waya. Utasikia yenyewe ile sauti ya kupigiwa simu. Isitoshe maiki iko sikioni, mdomo uko mbele.

Maiki zisizo na waya zinazouzwa na kipokeo chake cha kuchomeka USB-C ni jambo jingine, hazipiti Bluetooth ya simu. Hizo zinafaa, ila za bei ya chini nyingi zina kichujio cha kelele ndani kisichozimika, na sokoni kinakula mwisho wa maneno.

---

SautiYaUyole

Wakuu, nimerudi. Nimepata adapta nyingine, nimekwenda na maiki na simu kama fundi alivyoelekeza. Ya kwanza niliyopewa ilifeli kipimo cha kucha, ya pili imefaulu. Kwenye kompyuta inaonekana Output na Input.

Lakini kuna mambo mawili bado. Kwanza, baada ya kurekodi nikibonyeza nisikilize, kimya. Niliogopa nikadhani hakuna kitu, kumbe nikichomoa adapta inasikika. Pili, mama wa ndizi sasa yuko karibu, nimekwenda kumrudia, lakini sauti yake si kama ya studio. Imezibwa, herufi s na f hazitoki, na akinyamaza kelele za soko zinapanda polepole, akianza kusema zinashuka ghafla.

---

MzeeWaMawimbi

La kwanza ni kawaida. Simu imeitambua adapta kuwa maiki na spika kwa pamoja, kwa hiyo sauti inapelekwa kwenye adapta, na pale pamechomekwa maiki isiyo na spika. Chomoa ndipo usikilize. Usiingie kwenye Developer options ukawasha "Disable USB audio routing" kwa kutaka sauti irudi kwenye spika. Ukiiwasha hiyo, simu haitaielekeza sauti kwenye vifaa vya USB yenyewe, na utarudi kwenye maiki ya ndani.

La pili ni mambo mawili tofauti yaliyokuja pamoja, nayo yanatoka kwenye programu ya kurekodi.

Kelele kupanda mtu akinyamaza: programu inarekebisha kiwango cha sauti yenyewe. Ukimya ukiingia inadhani sauti imepungua, inaongeza. Mtu akianza kusema inapunguza. Pamoja na hiyo, simu nyingi zina kichujio cha kelele kilichotengenezwa kwa maongezi ya simu. Tumia programu inayokuruhusu kuchagua chanzo cha sauti. Mimi natumia Easy Voice Recorder. Kwenye mipangilio yake ingia sehemu ya maiki, jaribu chaguo lisilochakatwa, yaani sauti ghafi, na uzime marekebisho ya kiwango na uchujaji wa kelele. Zima pia kile kipengele cha kuruka ukimya, kinakata mwanzo wa maneno. Baada ya hapo wewe ndiye unayepanga kiwango: mhojiwa akiongea kawaida kilele kiwe karibu na -12 desibeli, akicheka au akipaza sauti kifike -6. Kikigusa 0 sauti inapasuka na hakuna mhariri wa kuitengeneza.

Onyo: si kila simu inatii. Kuna ambazo hata ukichagua sauti ghafi bado zinachuja maiki yao ya ndani. Kwa adapta yenye chipu mara nyingi unaziepuka, kwa sababu kazi ya kubadilisha sauti imehamia nje ya simu.

Herufi s na f kuzibwa: hilo ndilo faili lako la .amr. AMR ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya simu za mazungumzo. Inachukua sampuli 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo chochote kilicho juu ya hezi 4,000 hakimo ndani ya faili. Sauti za s, sh na f sehemu kubwa ya nguvu zake iko juu ya hapo. Mtu akisema "shamba la chai" unaelewa kwa kukisia, sikio linajaza lenyewe. Ukiligeuza kuwa WAV halirudi, unapata faili kubwa lenye pengo lilelile. Mhariri wako akilifungua kwa Audacity na kuchagua mwonekano wa Spectrogram ataona juu ya kilohezi 4 pako tupu kabisa, kama pamekatwa kwa rula.

---

Mwaisa_Tukuyu

Ndiyo maana mimi husema WAV tu, basi. Kila kitu WAV, 48,000, biti 24, stirio. Ukikubali chini ya hapo umeharibu kazi.

---

Mwandishi_Matema

Kaka, wewe uko Tukuyu mjini. Mimi nikiwa Matema ufukweni nikisema nitume WAV ya stirio, taarifa ya saa moja jioni itasomwa bila sauti ya mhojiwa. Mtandao unakuja na kuondoka. Natuma M4A, na mhariri hajawahi kunirudishia.

---

MzeeWaMawimbi

Tufanye hesabu kwa mahojiano ya dada, tuseme dakika 20.

WAV ya 48,000, biti 16, mono inakula kama megabaiti 5.8 kwa dakika, kwa hiyo 115 hivi kwa dakika 20. Ukiweka stirio ni mara mbili, na maiki ni moja, kwa hiyo umehifadhi kitu kilekile upande wa kushoto na wa kulia. Biti 24 inaongeza nusu nyingine. Ina faida yake ukirekodi kwa kiwango cha chini ukaongeza baadaye, ila chipu ya adapta ndogo na kelele za Mwanjelwa zitaifunika faida hiyo. M4A ya kilobiti 128 ni karibu megabaiti 1 kwa dakika, jumla 19 hivi. AMR ni chini ya megabaiti 2 kwa yote, na umeshasikia inavyokuwa.

Ninavyofanya mimi: narekodi WAV mono, biti 16. Nikiwa palepale nachagua kipande kitakachotumika, sekunde 40 kwa mfano, nakikata na kukituma chenyewe. Sekunde 40 za WAV hazifiki megabaiti 4. Rekodi nzima inabaki kwenye simu hadi nifike studio. Hata Matema hiyo inapita.

Na mkituma kwa WhatsApp, tumeni kama Document. Kuna watu wanacheza rekodi kwa spika ya simu moja na kuinasa kwa ujumbe wa sauti kwa simu nyingine. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unabanwa sana, na ukishapita huko hakuna programu itakayourudisha.

---

Mwandishi_Matema

Kukata nakubali. Lakini kukata kunahitaji muda na chaji, na mimi nikiwa nimesimama juani sioni hata skrini. Kwa habari za kila siku M4A ya 128 inatosha. Kwa makala ndefu sawa, WAV.

---

Mwaisa_Tukuyu

M4A ikihaririwa, ikahifadhiwa MP3, ikarushwa hewani, imebanwa mara tatu. Mimi sauti yake naisikia. Tutatofautiana hapo.

---

Podi_Gangilonga

Swali la simu lenyewe hatujalijibu. Mdogo wangu anataka kununua simu ya kuanzia kazi hii. Nimwambie nini? iPhone?

---

MzeeWaMawimbi

iPhone kuanzia 15, ya mwaka 2023, zina USB-C, na adapta yenye chipu na maiki inakubalika. Ndani yake kuna Voice Memos, ingia mipangilio yake uchague Lossless badala ya Compressed. Ila kwa fedha hiyo angenunua Android ya kawaida na maiki mbili nzuri.

Kama bajeti ni ndogo, tundu la 3.5 bado lina thamani kwa mwandishi, kwa sababu anarekodi huku simu iko kwenye chaji. Galaxy A15 inalo, A16 iliyofuata hawakuliweka, kwa hiyo namba moja tu inabadilisha kila kitu. Asome vipimo vya simu yenyewe, asiende kwa jina. Na kama simu haina tundu hilo, badala ya adapta anaweza kununua maiki ya kubana inayoishia na USB-C moja kwa moja, Boya wanayo BY-M3. Kiungo kimoja kinapungua kwenye mnyororo.

---

Fundi_Kabwe

Mimi hapo natofautiana kidogo. Tundu la 3.5 la simu za bei ndogo lina mvumo wake, na ukiwa sehemu ya mtandao wa 2G ile tititi-tititi inaingia kwenye waya wa maiki. Maiki ya USB-C sauti imeshakuwa tarakimu mapema, waya wa analogi ni mfupi. Tititi hiyo ukiipata weka simu kwenye hali ya ndegeni kabla ya kurekodi. Na hata bila tititi iweke, maana ukipigiwa katikati ya mahojiano programu nyingi zinasimamisha kurekodi.

---

MzeeWaMawimbi

Kuhusu tititi uko sahihi. Kwenye BY-M1 ile waya wa mita 6 bado upo mbele ya adapta, na unadaka. Hali ya ndegeni ni lazima kwa njia zote mbili.

---

Makambako_Leo

Wazee, mimi niko Makambako, upepo mnaujua. Nimetumia kile kisponji cheusi kilichokuja na maiki, nje hakifai kitu, natumia kofia ya manyoya. Lakini shida yangu nyingine: nina maiki ya USB-C, narekodi vizuri, skrini ikizima baada ya muda nikiangalia nakuta faili limekatika, au limeendelea lakini kwa maiki ya simu. Si kila siku. Simu ina kipengele cha OTG nakiwasha kila nikianza.

---

Fundi_Kabwe

Oppo, Realme na Vivo zina swichi hiyo ya OTG, na inajizima usipoitumia kwa dakika 10 hivi. Kama umewasha OTG mapema halafu ukachelewa kuchomeka maiki, imeshazima. Chomeka kwanza, kisha rekodi.

---

Makambako_Leo

Nachomeka kwanza. Inakatika katikati ya kurekodi, si kabla.

---

MzeeWaMawimbi

Basi OTG siiamini sana kama chanzo. Angalia usimamizi wa betri: kwenye Apps, programu yako ya kurekodi, Battery, iweke isizuiwe inapofanya kazi nyuma. Hiyo inaeleza faili kukatika. Haielezi faili kuendelea kwa maiki ya simu, hilo ni muunganiko wa USB ulioachia hata kwa nukta moja. Tenganisha hivi: rekodi nusu saa ukiwa umekaa, skrini imezimwa, simu iko mezani haiguswi. Kisha rekodi nusu saa nyingine ukitembea nayo mfukoni skrini ikiwa inawaka. Ikikatika mezani ni betri, ikihama maiki mfukoni ni tundu au kichwa cha USB-C kilicholegea.

---

Makambako_Leo

Nitafanya kesho nikiwa njiani kwenda Njombe, nitaleta majibu hapa.

---

SautiYaUyole

Nimerekodi leo Isyesye kwa WAV mono, chaguo la sauti ghafi, simu kwenye hali ya ndegeni. Mhariri amefungua Spectrogram, sauti imejaa hadi juu. Kelele ya mashine ya kusaga jirani ipo lakini haipandi na kushuka, imekaa sawa nyuma ya mzee niliyemhoji, na s zake zote zinasikika. Ndaga fijo. Makambako_Leo, ukileta majibu taja na aina ya programu, maana na mimi skrini yangu huzima.